Mnunuzi anataka kunilipa kwa drafti ya benki: nitahakikishaje kuwa ni halali kabla sijakabidhi hati za lori?

MwenyeLori aliandika:

Wanajukwaa, salaam. Ninauza lori langu la tela pamoja na tela lenyewe, na nimeshapata mnunuzi tuliyekubaliana naye bei. Hataki kubeba fedha taslimu kwa sababu kiasi ni kikubwa, na anasema benki yake inamwekea kikomo cha kutuma kwa simu kwa siku, kwa hiyo amekwenda kununua drafti ya benki kwa jina langu. Jana usiku alinitumia picha ya drafti hiyo nami nimeiambatisha hapa chini ili wenye uzoefu waitazame. Anapendekeza aje Ijumaa alasiri na dereva wake, anikabidhi drafti, nisaini fomu za kuhamisha umiliki, kisha aondoke na lori jioni hiyohiyo kwa kuwa wana safari ndefu.

Binafsi sina sababu ya kumshuku, kwani amekuja kulikagua lori mara mbili na amezungumza nami kwa heshima. Hata hivyo, sijawahi kupokea malipo ya namna hii, na benki iliyotoa drafti si benki ninakoweka fedha zangu. Swali langu ni moja: kabla sijasaini chochote, nitajuaje kwamba karatasi hiyo ina fedha nyuma yake?

DalaliMkongwe aliandika:

Ndugu MwenyeLori, usijisumbue sana. Drafti si sawa na hundi ya mtu binafsi. Hundi ya mtu inaweza kurudi kwa sababu akaunti haina kitu, lakini kwa drafti benki hukata fedha za mnunuzi kwanza ndipo ichapishe karatasi, kwa hiyo deni linakuwa la benki yenyewe. Nimeuza magari kwa njia hii kwa miaka mingi. Inyanyue dhidi ya mwanga uone alama ya maji, papasa maandishi uone kama yana mkwaruzo, hakikisha kuna saini mbili na mhuri, kisha piga namba ya simu iliyochapishwa chini ya drafti uwaulize kama ni yao. Wakikubali, mpe mtu lori lake. Drafti ni kama fedha taslimu.

KeshiaMstaafu aliandika:

Kabla ya yote, Ndugu MwenyeLori, nakuomba uiondoe picha hiyo sasa hivi, nami nimeshawaarifu wasimamizi wa jukwaa. Inaonyesha namba ya drafti, tarehe, tawi na saini za maofisa wawili kwa uwazi wa kutosha mtu kutengeneza nakala yake, na ikiwa drafti ni ya kweli utakuwa umemfungulia mlango mtu wa tatu ambaye wala wewe wala mnunuzi wako hammjui.

Sasa nimjibu Mzee Dalali kwa heshima zote, kwa sababu nusu ya maneno yake ni sahihi kabisa. Ni kweli kwamba mnunuzi hujaza fomu ya maombi, benki hutoa kiasi chote pamoja na ada kwenye akaunti yake, fedha huhamia kwenye akaunti ya benki yenyewe iliyotengwa kwa ajili ya drafti zinazosubiri kulipwa, kisha ndipo karatasi huchapishwa na kusainiwa na maofisa wenye mamlaka. Ndiyo maana drafti halali hairudi kwa ukosefu wa salio. Lakini maelezo hayo yote yanahusu drafti iliyotolewa na benki, ilhali anachouliza mwenzetu ni kama karatasi atakayoshikishwa ndiyo hiyo iliyotolewa na benki. Hayo ni maswali mawili, na wezi huishi katika nafasi iliyo kati yake.

Nimekaa kaunta kwa muda mrefu, na naweza kusema kwamba karatasi yenyewe ni ushahidi dhaifu. Alama ya maji huigwa kwa wino mweupe, mhuri huchongwa, na maandishi yenye mkwaruzo hutengenezwa na mashine za uchapaji zisizo ghali. Karatasi ikikosa alama hizo una sababu ya kukataa, lakini ikiwa nazo bado hujathibitisha lolote. Ushahidi wenye nguvu uko mahali pamoja tu, nao ni kumbukumbu za benki iliyotoa, ambamo kila drafti ina namba yake, kiasi chake, jina la anayelipwa, tarehe, na hali yake ya sasa.

Kuhusu simu, tafadhali usipige kamwe namba iliyoandikwa kwenye drafti. Aliyechapa drafti bandia ndiye aliyechapa na namba ya simu, na upande wa pili atapokea kijana mwenye adabu, tena na muziki wa kusubirishia, atakayekuambia kwamba kila kitu ni sawa. Namba ya tawi itafute mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya benki, au bora zaidi, nenda na miguu yako.

DalaliMkongwe aliandika:

Hoja ya simu naikubali, na nashukuru. Lakini nikipata namba sahihi ya tawi na wakaniambia kwamba namba ya drafti ni yao, je, si hapo yamekwisha?

KeshiaMstaafu aliandika:

Hapana, Mzee wangu, na hapo ndipo watu wengi makini huumia. Nieleze kwa mfano. Mtu anakwenda benki ya kweli, ananunua drafti ya kweli ya kiasi cha 500, kwa jina la ndugu yake. Sasa anayo namba halali, tarehe halali, tawi halali na saini halisi za kuiga. Anatengeneza nakala yenye vitu hivyo vyote, ila kiasi kinasomeka 85,000 na jina la anayelipwa ni la muuzaji wa gari. Muuzaji anapiga simu kwenye tawi na kuuliza, "Je, drafti namba fulani ni yenu?" Karani anaangalia na kujibu kwa ukweli mtupu kwamba ni yao na waliitoa juzi. Hakuna aliyesema uongo katika simu hiyo, na gari limekwenda.

Kwa hiyo usiulize namba peke yake. Wasomee namba, kiasi kwa tarakimu, jina la anayelipwa kama lilivyoandikwa herufi kwa herufi, na tarehe, kisha uwaombe wakuambie kama vyote vinalingana na kumbukumbu zao. Baada ya hapo uliza jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: je, drafti hiyo bado haijalipwa, na je, haijaripotiwa kupotea wala kusimamishwa? Nakala inaweza kulingana kwa kila herufi na drafti halisi ambayo ilishalipwa asubuhi, au ambayo mnunuzi aliirudisha benki akarejeshewa fedha zake huku akibaki na picha yake.

MkulimaHodari aliandika:

Mimi naona mnajitesa bure. Iweke drafti kwenye akaunti yako, usubiri siku mbili au tatu, ukiona salio limeongezeka basi toa lori. Hata hundi ya kijijini kwetu ya chama cha ushirika tunafanya hivyo.

KeshiaMstaafu aliandika:

Kusubiri ni shauri jema, Ndugu Mkulima, lakini kuona salio limeongezeka si sawa na kulipwa. Unapoiweka, benki yako inaweza kukuandikia kiasi hicho kwa muda, na wakati mwingine hata kukuruhusu utoe fedha, kabla benki iliyotoa drafti haijaiona karatasi au taswira yake na kukubali kulipa. Huko Marekani kanuni za shirikisho zinazitaka benki, kwa masharti fulani, ziruhusu fedha za drafti ya aina hii kutumika siku ya kazi inayofuata, ingawa kiasi kikubwa sana kinaweza kuzuiwa zaidi. Ukarimu huo wa haraka ndio unaowavutia matapeli, kwa kuwa bandia hugunduliwa siku kadhaa baadaye, na benki hukata kiasi chote kutoka kwenye akaunti ya aliyeiweka. Deni linabaki lako, hata kama fedha umeshazitumia.

Swali sahihi la kumwuliza mhudumu wa benki yako ni hili: "Je, benki iliyotoa imeshalipa kwa ukamilifu, na je, kiasi hiki kinaweza bado kurudishwa?" Omba akujibu kwa maandishi, au angalau kwa ujumbe kutoka anwani rasmi ya benki. Mhudumu asiyetaka kujibu swali hilo amekwisha kukujibu.

MwenyeLori aliandika:

Picha nimeiondoa, na nakushukuru Mzee Keshia. Leo asubuhi nilitafuta namba ya tawi kwenye tovuti ya benki, nikapiga. Yule mama aliyepokea alinisikiliza vizuri, lakini akasema kwamba mimi si mteja wao, na kwamba taarifa za drafti ni siri ya mteja aliyeinunua, kwa hiyo hawezi kuthibitisha lolote kwa simu. Nimebaki palepale. Je, nifanye nini ikiwa benki yenyewe haitaki kusema?

KeshiaMstaafu aliandika:

Yule mama hakukosea, ingawa matawi hayafanani. Wengine hukubali kusikiliza ukisoma maelezo na kujibu "inalingana" au "hailingani" bila kutaja jambo jipya, kwa sababu kwa kufanya hivyo hawajatoa siri yoyote. Wengine hukataa hata hilo, kwa kuwa hawajui anayepiga ni nani, na mwizi naye anaweza kupiga simu ili ajue kama nakala yake itapita.

Zipo njia tatu za kulipita ukuta huo. Ya kwanza ni kuitumia benki yako. Nenda na drafti, uwaombe wawasiliane na benki iliyotoa kwa njia zao za kibenki, kwa maana benki huijibu benki mwenzake pale ambapo haimjibu mtu wa mtaani. Huduma hii inaweza kuwa na ada, na inaweza kuchukua siku nzima ya kazi. Ya pili ni mnunuzi aandike barua kwa tawi lake akiruhusu wakuthibitishie maelezo ya drafti ile kwa jina lako na namba ya kitambulisho chako. Mnunuzi mkweli hatapoteza chochote kwa kuandika barua hiyo.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kutaneni ndani ya tawi lililotoa drafti, saa za kazi, nyote wawili na vitambulisho vyenu, na mnunuzi mwenyewe amwombe ofisa athibitishe mbele yako. Kama drafti haijanunuliwa bado, ni vizuri zaidi inunuliwe hapohapo ukiwa umesimama kaunta, ofisa akikukabidhi wewe mkononi moja kwa moja kutoka upande wake wa dirisha. Ikishafika mkononi mwako isitoke tena. Kuna hila ambayo mnunuzi huonyesha drafti halisi benki, kila mtu anaridhika, kisha anaiomba dakika moja ili aitoe nakala au aitie kwenye bahasha, na kinachorudi ndani ya bahasha ni karatasi nyingine.

Na hiyo Ijumaa alasiri uliyoitaja, ikatae. Sisemi kwamba mnunuzi wako ni mwizi, lakini tapeli yeyote huchagua saa ambayo matawi yamefungwa au yanakaribia kufungwa, ili hata ukiingiwa na shaka usiwe na wa kumwuliza hadi siku ya kazi inayofuata. Mwambie Jumanne asubuhi.

BintiMwanasheria aliandika:

Shikamoo Mzee Keshia, na salaam kwa wote. Naomba niongeze upande mmoja ambao haujaguswa. Uthibitisho wa mdomo kutoka tawini unakuambia kwamba drafti ipo na haijalipwa wakati huo, lakini kwa kawaida si dhamana mpya. Ikiwa kesho yake itagundulika kwamba aliyeinunua aliitoa kwenye akaunti ya mtu mwingine kwa ulaghai, au kwamba ofisa aliyeisaini hakuwa na mamlaka, benki inaweza kukataa kulipa kwanza na kuacha mahakama iamue baadaye nani abebe hasara. Muuzaji aliyepokea kwa nia njema na kutoa mali yake huwa na hoja nzuri, lakini kuwa na hoja nzuri mahakamani si sawa na kuwa na fedha.

Vilevile tusidhani kwamba mnunuzi hawezi kabisa kuisimamisha. Akighairi biashara tu, benki nyingi hazitamsikiliza, kwa sababu ahadi ni yao, si yake. Lakini akiripoti kwamba drafti imepotea au imeibwa, na kusaini hati ya kuilinda benki dhidi ya hasara, benki inaweza kuizuia isilipwe huku ikichunguza. Mnunuzi mwenye nia mbaya anaweza kuondoka na lori kisha akatoa taarifa ya uongo ya wizi.

DalaliMkongwe aliandika:

Hapo Binti yangu sikubaliani nawe. Katika biashara zangu zote sijaona drafti halali ikizuiwa baada ya kukabidhiwa mtu ambaye jina lake limeandikwa. Benki itaizuiaje wakati mwenye jina yupo na ameiweka?

BintiMwanasheria aliandika:

Mzee, labda ni kwa sababu wateja wako waliiweka benki siku ileile. Drafti iliyolipwa haiwezi kuzuiwa, na iliyokaa mfukoni kwa wiki mbili inaweza. Sheria za nchi hazifanani katika jambo hili, na masharti yaliyo kwenye fomu ya maombi ya kila benki nayo hayafanani, kwa hiyo mimi singeweka lori langu juu ya neno "sijaona".

DalaliMkongwe aliandika:

Basi tuache hivyo, kila mmoja na msimamo wake. Ila kuiweka siku ileile nakuunga mkono.

MjaneMvumilivu aliandika:

Naomba msamaha kama naingilia. Mimi niko upande wa pili, yaani ndiye mnunuzi. Mwaka jana nilinunua drafti kwa ajili ya kulipia kiwanja, kisha muuzaji akabadilisha mawazo siku ya kusaini, akaniambia amepata mtu mwingine. Nilibaki na karatasi yenye jina la mtu ambaye sitaki tena kumlipa, na fedha zangu zote zimo humo. Nilidhani zimepotea. Niliirudisha tawini ikiwa haijakunjwa wala kuandikwa kitu, wakanipa fomu ya kufuta, na fedha zikarudi kwenye akaunti yangu baada ya siku chache, ila ada ya mwanzo hawakunirudishia. Nimeona niseme hili kwa sababu wauzaji hudhani sisi wanunuzi hatuna hofu yoyote. Nikimwambia muuzaji aichukue drafti aende nayo benki yake akaichunguze siku tatu huku nami sina lori wala sina fedha, je, mimi nalindwa na nini?

KeshiaMstaafu aliandika:

Dada, hujaingilia hata kidogo, na swali lako ndilo gumu kuliko yote humu. Anayeikabidhi drafti kabla ya kupata mali hana tena uwezo juu yake, kwa sababu jina lililoandikwa si lake na hata kuifuta anahitaji awe nayo mkononi. Ndiyo sababu nasisitiza tawi lililotoa. Pale ndani uthibitisho huchukua dakika chache badala ya siku tatu, na mnaweza kubadilishana papo hapo, hati kwa drafti, bila mmoja kumwamini mwenzake kwa muda mrefu kuliko lazima. Kwa kiwanja au nyumba, ambako kuhamisha umiliki kunachukua muda, drafti na hati zilizosainiwa hukabidhiwa wakili mmoja anayeaminiwa na pande zote, kwa barua inayosema ni lini ataachilia kila kimoja.

Kwa wanunuzi nina ushauri mmoja tu wa ziada: mwombe muuzaji jina lake kama lilivyo kwenye akaunti yake ya benki, si kama anavyoitwa mtaani. Drafti za kiasi kikubwa kwa kawaida huwekewa mistari miwili ya mshazari yenye maneno kwamba ilipwe kwenye akaunti ya anayetajwa pekee, na jina lisipolingana na akaunti, benki ya muuzaji inaweza kuikataa. Hakuna ruhusa ya kurekebisha jina kwa kalamu. Drafti yenye sahihisho lolote kwenye jina au kiasi ni ya kurudishwa ikatolewe upya, hata kama mtu amesaini pembeni ya sahihisho hilo.

MsafiriWaMbali aliandika:

Samahani wakuu, na mimi nina drafti ya fedha za kigeni niliyotumiwa na mjomba aliye ng'ambo. Benki yangu inasema itachukua wiki kadhaa kuipeleka ikalipwe. Je, ina maana ni bandia?

KeshiaMstaafu aliandika:

Si lazima, kijana. Drafti ya fedha za kigeni mara nyingi hutolewa na benki moja lakini hulipwa na benki nyingine iliyo katika nchi ya fedha hizo, kwa hiyo benki yako huituma huko na kusubiri jibu, na wiki kadhaa ni jambo la kawaida. Angalia tu jina la benki inayotakiwa kulipa, ambalo huwa limeandikwa mahali tofauti na nembo ya benki iliyotoa, kwa sababu hiyo inayolipa nayo ndiyo ya kuulizwa. Angalia pia tarehe, kwani drafti huchakaa. Nchi nyingi zimezoea miezi sita, lakini India, kwa mfano, iliupunguza muda huo hadi miezi mitatu kuanzia Aprili 2012. Jambo moja tu lingenitia shaka: je, mjomba amekuomba umrudishie sehemu ya fedha hizo kabla hazijalipwa?

MsafiriWaMbali aliandika:

Hapana, ni za ada ya chuo tu. Ahsante sana, Mzee.

MwalimuWaHesabu aliandika:

Kwani kuna sababu gani ya kung'ang'ania karatasi? Kama fedha ziko benki na mnunuzi atakuwa tawini, si azihamishe moja kwa moja kaunta hadi akaunti ya muuzaji? Kikomo cha simu hakihusu kaunta.

KeshiaMstaafu aliandika:

Hoja yako nzito, Mwalimu, na mara nyingi ningeiunga mkono. Uhamisho wa kiasi kikubwa kati ya benki, ukifanyika kaunta asubuhi, huweza kufika siku hiyohiyo, na ukishakamilika haurudi kirahisi. Mnunuzi huogopa kwa sababu fedha zinaondoka kabla hajashika hati, na zikikwama katikati au zikienda kwenye akaunti isiyo sahihi hana hata karatasi ya kuirudisha. Drafti inamruhusu aonyeshe kwamba fedha zipo bila kuzikabidhi. Kwa watu wawili waliosimama mbele ya ofisa mmoja, njia zote mbili ni salama, na ningewaachia wachague.

MwenyeLori aliandika:

Narudi na taarifa. Nilimwambia mnunuzi kwamba Ijumaa haiwezekani na kwamba tukutane Jumanne asubuhi kwenye tawi lililotoa drafti. Alinuna kidogo, akauliza kama ninamwona mwizi, lakini nilimweleza kwamba ningemwomba hivyohivyo hata ndugu yangu, akakubali.

Leo tumekutana. Alimpa ofisa drafti pamoja na kitambulisho chake, akamwambia anaruhusu nithibitishiwe. Nilisoma namba, kiasi, jina na tarehe kutoka kwenye karatasi niliyokuwa nimeandika, naye akafuatilia kwenye kompyuta yake. Namba na kiasi vililingana, na hali ilionyesha kwamba haijalipwa wala kuzuiwa. Lakini alipofika kwenye jina alisimama, akaniuliza jina la akaunti yangu. Drafti ilikuwa na majina yangu mawili, na akaunti yangu ina matatu, moja likiwa limeandikwa kwa herufi tofauti. Alisema huenda benki yangu ingeikubali na huenda isingeikubali. Mnunuzi mwenyewe akaomba ifutwe itolewe nyingine, na ada ya pili tukagawana nusu kwa nusu.

Drafti mpya nilipewa mkononi kutoka dirishani, sikuiachia tena, na nimeshaiweka kwenye akaunti yangu mchana huu. Benki yangu inasema itanijulisha kwa ujumbe rasmi ikishalipwa kwa ukamilifu, huenda kesho kutwa. Mnunuzi amesharudi kwenye nyumba ya wageni na dereva wake. Ninazo bado hati, funguo ninazo, naye anasema kwamba kwa kuwa benki yake imethibitisha mbele ya macho yangu, simtendei haki kuendelea kuzishika. Binti Mwanasheria na Mzee Keshia, mngekuwa ninyi mngezitoa leo?

BintiMwanasheria aliandika:

Mimi ningesubiri ujumbe wa benki, na ningempa mnunuzi leo hii barua iliyosainiwa inayosema kwamba nimepokea drafti yenye namba hiyo na kwamba nitamkabidhi lori na hati ndani ya saa fulani baada ya malipo kukamilika. Kwa barua hiyo na yeye ana cha kushika mkononi.

KeshiaMstaafu aliandika:

Mimi ningezitoa leo, kwa sababu umeipokea kutoka kwa ofisa mwenyewe, ndani ya benki, ikiwa imechapishwa mbele yako, na haikupita mkononi mwa mtu mwingine. Hatari iliyobaki ni ile aliyoitaja Binti, ya fedha zilizopatikana kwa ulaghai au taarifa ya uongo ya wizi, na kwa mtu ambaye amesubiri siku zote hizi na kulipa nusu ya ada ya pili mimi ningeibeba. Lakini lori si langu, na ushauri wake wa barua siupingi.

MwenyeLori aliandika:

Nimempelekea barua. Ameisoma, ameomba tuongeze kwamba gharama za nyumba ya wageni za usiku wa leo na kesho ni zangu, nami nimekubali.